Boti ya mafaili ya ofisi: kila mtu aone yake tu

Niliweka boti ya kujibu maswali kutoka kwenye mafaili ya ofisi, siku ya tatu tu kijana wa field akauliza "posho ya safari ni shingapi", boti ikamjibu vizuri na chini ikamuongezea mshahara wa meneja. Faili la mishahara lina neno posho kibao, basi likavutwa nalo. Na kwenye maelekezo nilikuwa nimeiandikia "usitaje mishahara ya watu"! Yale yalikuwa maombi tu, kipande cha faili kikishafika kwa modeli hesabu kimeshavuja.

Kwa hiyo tunazuia pale kwenye kutafuta. Mimi natumia Postgres na pgvector, nyongeza yake ya kutafuta kwa vekta, yaani namba zinazobeba maana ya kila kipande.

Hatua ya 1. Tengeneza jedwali la pembeni, `ruhusa`, lenye `faili_id` na `kundi`. Vipande vyenyewe vibebe `faili_id` tu. Hapo uhasibu wakisema faili fulani lifungwe kwa kundi fulani unafuta mstari mmoja na swali linalofuata tayari halilioni, huna haja ya kutengeneza vekta upya.

Hatua ya 2. Makundi ya mtu yatoke kwenye seva yako, kutokana na alivyolog in. Usipokee kundi lililotumwa na brauza, maana mjanja mmoja atajiandikia "uhasibu" mwenyewe na utamfungulia.

Hatua ya 3. Kuchuja na kutafuta viwe kitu kimoja, `$1` ni makundi ya mtu na `$2` ni vekta ya swali lake:

```sql
SELECT maandishi, faili_id
FROM vipande
WHERE faili_id IN (
  SELECT faili_id FROM ruhusa
  WHERE kundi = ANY($1))
ORDER BY vekta <=> $2
LIMIT 5;
```

Hatua ya 4, hii ndo ilinilaza ofisini. Kama una indeksi ya HNSW, ile ya kutafuta vekta za karibu haraka, na Postgres ikaitumia, kwa kawaida inachota kwanza vipande 40 vya karibu halafu ndo inachuja. Mtu anayeruhusiwa asilimia 10 ya vipande anabaki na kama 4, mwenye ruhusa ndogo zaidi anaweza kukosa vyote, boti inamwambia "sina taarifa" na faili lake lipo palepale. Ukiona bosi anajibiwa na wa chini hajibiwi kwa faili ambalo wote wanalo, ujue ni hii. Kuanzia pgvector 0.8.0 unaweza kuiambia iendelee kuchota mpaka vitimie au ifike kikomo chake:

```sql
SET hnsw.iterative_scan = strict_order;
```

Hatua ya 5. Kama unahifadhi majibu ili boti iwe fasta, ufunguo uwe swali pamoja na makundi ya muulizaji. Ukiweka swali peke yake, jibu la mhasibu atapewa dereva bila hata databesi kuguswa, na kazi yote ya juu umeitupa.

Kutesti, log in kama dereva, uliza mishahara, kisha fungua logi uangalie `faili_id` zilizovutwa. Jibu la boti lisikudanganye, inaweza kujibu kwa adabu kabisa na kipande cha mishahara inacho mkononi. Halafu mtoe mtu kwenye kundi akiwa bado amelog in, aulize tena. Kwangu hapo iligoma kumzuia, makundi yalikuwa yamegandia kwenye seshen ya asubuhi, sasa nayasoma upya kila swali.