Taarifa ya kuvuja kwa data: jinsi tulivyoiandika kwa wateja na wafanyakazi wa ofisi ya safari Arusha

Mwezi uliopita nilikaa siku mbili na mama mmoja mwenye kampuni ndogo ya safari hapa Arusha. Mgeni wake alipiga simu kutoka Ulaya akiuliza kwa nini akaunti ya benki imebadilika kwenye invoisi ya malipo ya mwisho. Haikuwa imebadilika. Kuna mtu alikuwa ndani ya jimeili ya bukingi, na kwenye jimeili hiyo kulikuwa na skani za pasipoti za wageni, invoisi, na kwa bahati mbaya namba za NIDA na akaunti za benki za madereva. Naandika tulivyofanya kwa sababu ofisi nyingi za mjini hapa zinafanya kazi kwa mtindo huohuo, jimeili moja na watu watano.

Hatua ya 1: Funga mlango, lakini piga picha kwanza

Badilisha nywila, toa vifaa vyote vilivyoingia, washa uthibitisho wa hatua mbili, kagua namba ya simu ya kurejesha akaunti. Hayo mnayajua. Ila kabla ya kufuta chochote, piga picha ya skrini. Kijana wa ofisi alikuta kichujio cha ajabu, amri ya kupeleka barua zetu kwa anwani nyingine, kwenye `Filters and Blocked Addresses` akakifuta kwa hasira. Tulibaki na kumbukumbu yake tu ya anwani iliyokuwa ikipokea barua zetu.

Hatua ya 2: Tenganisha unachojua na unachodhani

Hapa ndipo saa zilipoishia. Chukua karatasi, si kompyuta, na gawanya mafungu matatu: tunajua, hatujui, hatutajua kamwe. Fungu la tatu ndilo watu wanalikimbia.

Tulichojua: kichujio kilikuwepo, na kilipeleka nje kila barua yenye neno "invoice" au "passport". Pia kiungo cha `Details` chini ya ukurasa wa Gmail kilionyesha kuingia kutoka nchi ambayo hatuna mtu, Jumapili usiku. Andikeni saa kwa mfumo mmoja. Sisi mmoja aliandika saa 3 usiku, mwingine 21:00, na tukapoteza muda tukidhani ni matukio mawili.

Tusichokijua: mtu huyo aliingia lini mara ya kwanza. Na hilo likahamia fungu la tatu haraka, kwa sababu orodha ya `Details` inaonyesha mara kumi za mwisho tu. Ofisi yenye simu nne na laptop mbili inamaliza kumi hizo kwa muda mfupi. Kichujio nacho hakionyeshi tarehe kilipotengenezwa.

Sasa mama alikuwa ameshaandika rasimu: "Hakuna ushahidi kwamba taarifa zako zimetumika vibaya." Sentensi hii naichukia, na nitaeleza kwa nini. Kwanza ilikuwa uongo, maana mgeni mmoja alishapokea invoisi ya bandia. Lakini hata asingepokea, ushahidi ungetoka wapi? Hatukuwa na chombo cha kuonyesha barua ipi ilifunguliwa. Mtu asiye na taa hawezi kusema hakuona mwizi, akamaanisha mwizi hakuwepo. Ukitaka kutumia maneno "hatujaona", sema umetazama wapi na kwa kipindi gani. La sivyo yaache.

Kuna mtego mwingine. Kichujio cha kupeleka mbele hufanya kazi kwa barua mpya tu, kwa hiyo ni rahisi kusema "zilizovuja ni za juzi juzi". Lakini mwenye nywila anasoma na za zamani pia. Basi tulihesabu kwa upana:

```
(invoice OR passport) has:attachment
```

Tafuta hilo kwenye Gmail, andika majina, ondoa yanayojirudia. Tulipata wageni 187. Tukakubaliana kuandika "aliyeingia aliweza kuzisoma", si "alizisoma" wala "huenda". Mama akaniambia, "Mwanangu, ukiandika hivyo watakimbia." Nikamwambia, "Mama, wakiambiwa na mwingine ndiyo watakimbia." Hakufurahi, ila aliacha sentensi ibaki.

Hatua ya 3: Wafanyakazi kwanza

Si kwa heshima tu. Dereva yuko Serengeti na wageni wanne, mtandao unakuja na kuondoka. Mgeni akisoma taarifa kwenye simu yake Seronera, wa kwanza kuulizwa ni dereva. Kwa hiyo walio ofisini waliitwa saa 2 asubuhi, walio porini walipigiwa mmoja mmoja, na wageni wakaandikiwa saa 6 mchana. Wale ambao hawakupatikana tuliwapitishia ujumbe kwenye redio ya gari, wapige ofisini.

Maneno yalikuwa haya: "Jimeili ya bukingi iliingiliwa. Nakala za NIDA na akaunti za benki zenu zilikuwemo, na aliyeingia aliweza kuziona. Akikupigia mtu akijitambulisha kuwa benki au ofisi akiomba namba ya siri, kata. Mgeni akikuuliza, sema ni kweli, mpe namba ya mama, usikisie." Jina la mfanyakazi aliyebofya kiungo cha bandia kilichomfungulia mlango mtu huyo halikutajwa. Ukilitaja, mwingine akibofya mwakani atanyamaza.

Hatua ya 4: Taarifa ya wateja

Iliandikwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ilisomeka hivi:

"Jumanne tuligundua kwamba mtu asiye wetu aliingia kwenye barua pepe yetu ya bukingi. Nakala ya pasipoti yako na invoisi zako zilikuwemo, na aliweza kuzisoma. Hatujui aliingia lini mara ya kwanza, na kumbukumbu zilizopo hazitatuwezesha kujua. Angalau mteja mmoja ametumiwa invoisi yenye akaunti ya benki isiyo yetu. Akaunti yetu haijabadilika. Kabla ya kulipa chochote, tupigie kwa namba iliyo kwenye mkataba wako. Kama umeshalipa kwenye akaunti nyingine, piga benki yako leo, kisha sisi. Tutakuandikia tena Ijumaa, hata kama hatuna jipya."

Hakuna "tunathamini usalama wako". Hakuna kiungo wala kiambatisho, kwa sababu barua hii yenyewe inafanana na ya matapeli. Namba ya simu haimo, mteja anarudi kwenye mkataba alionao tayari. Tarajia wachache wapige kuuliza kama barua ni ya kweli. Hao ndio walioelewa.

Hatua ya 5: Kutuma

Usiweke anwani 187 kwenye mstari wa `To`. Utakuwa umevujisha orodha ya wateja kwa wateja. Mimi natuma moja moja, na wenye malipo yanayokaribia wanapigiwa simu kabla ya barua.

Hatua ya 6: Mamlaka

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iarifiwe. Usisubiri uchunguzi uishe, peleka mafungu matatu kama yalivyo. Ukiwauzia safari watu walioko Ulaya, sheria yao inaweza kukuhusu pia, na inatoa saa 72 tangu ujue, kwa hiyo mpigie mwanasheria siku ya kwanza. Karatasi yenu ya hatua ya 2 ndiyo atakayoiomba.

Ijumaa tuliandika tena, mistari mitatu: wageni wawili zaidi walipokea invoisi za bandia, hakuna aliyetuambia amelipa, na pasipoti sasa haziombwi kwa barua pepe. Wageni kumi na mmoja walijibu. Mmoja aliuliza tu kama tarehe yake ya kupanda Kilimanjaro iko palepale.