Kipimajoto cha ukutani, kipimajoto cha kisandukuni na viazi vya kinyungu

Mwezi wa saba mwaka juzi, mama mmoja wa Njombe anayelima viazi mviringo kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni zenye unyevu, alinipigia simu asubuhi na mapema. "Kamwene, bwana shamba. Jana redio ilisema usiku baridi itafika nyuzi 6. Kipimajoto changu asubuhi hii kimesoma 9. Sasa mbona viazi vimeungua?"

Nilifika saa tano. Majani ya juu yalikuwa yamelegea na kugeuka meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, na mistari ya bondeni kabisa ndiyo iliyoumia zaidi. Ilikuwa sakitu, ule umande unaoganda ambao wengi wetu huku tunauita barafu. Majani ya viazi huanza kuharibika joto lake linapofika nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri. Mama alikuwa na haki ya kushangaa, maana namba zote mbili alizokuwa nazo zilikuwa mbali na sifuri.

Nikamwomba anionyeshe kipimajoto. Kilikuwa kimepigiliwa kwenye ukuta wa stoo ya matofali ya kuchoma, upande wa magharibi, chini kidogo ya bati. Ukuta ule unapigwa na jua la alasiri mpaka unachoma mkono, halafu usiku kucha unatoa joto lile polepole. Kipimajoto hakina namna ya kujua kama joto kinalopokea limetoka kwenye hewa, kwenye jua, kwenye bati au kwenye tofali. Kinasoma joto lake chenyewe, basi. Kwa hiyo ile 9 ilikuwa habari ya ukuta.

Vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa, kama vituo rasmi vya nchi nyingine, vinaweka kipimajoto ndani ya kisanduku cheupe chenye miguu kwa sababu hiyo hiyo. Kinaitwa kisanduku cha Stevenson, kwa jina la Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Skotilandi aliyekibuni karne ya 19. Kazi yake ni moja: kuhakikisha kipimajoto kinapata joto au baridi kutoka kwenye hewa tu, na si kwingine.

Rangi nyeupe inarudisha mwanga wa jua ili mbao zisichemke. Paa ni la tabaka mbili lenye nafasi katikati, hivyo joto la bao la juu linabebwa na upepo kabla halijashuka. Kuta ni za luva, yaani vibao vilivyoinamishwa na kupangwa kwa nafasi, na kila ukuta una safu mbili za luva hizo, moja nje na nyingine ndani. Hewa inapita kati ya mbao hizo bila shida, lakini jua haliingii moja kwa moja, wala mwanga unaodunda kutoka ardhini. Mvua nayo haifiki ndani. Hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, maana kichwa cha kipimajoto kikilowa, maji yanapokauka yanakipoza na unasoma namba ndogo kuliko joto la hewa.

Hizo luva ndizo moyo wa kisanduku. Nimewahi kuona mkulima ametengeneza sanduku zuri la mbao, jeupe, ila limezibwa pande zote. Sanduku la namna hiyo ni oveni. Hata kisanduku kizuri kina mipaka yake: siku ya jua kali isiyo na upepo kabisa, hewa ya ndani inaweza kuzidi ya nje kwa nyuzi moja au mbili. Rangi ikififia au buibui wakijaza utando kwenye luva, kosa linaongezeka taratibu bila mtu kugundua, ndiyo maana vituo vinasafisha na kupaka rangi upya mara kwa mara.

Urefu wa kisanduku kutoka ardhini na majani mafupi yaliyo chini yake vina sababu nyingine. Mchana, ardhi inapata moto kwanza na hewa iliyolala juu yake inafuata. Usiku usio na mawingu, ardhi inapoteza joto kwenda angani na hewa ya chini ndiyo inayopoa kwanza. Ukiteremsha kipimajoto kutoka usawa wa kifua hadi magotini, namba inabadilika ingawa hali ya hewa ni ile ile. Kwa hiyo imekubaliwa duniani kwamba kiwe kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini. Urefu huu hauna siri yoyote. Kinachotakiwa ni kwamba Mbeya, Iringa na Songea wapime kwa namna moja, na leo ilingane na miaka thelathini iliyopita, ili tofauti ya namba iwe tofauti ya hewa. Majani mafupi yanatakiwa kwa sababu hiyo hiyo. Saruji inahifadhi joto kama ule ukuta wa stoo, na udongo mtupu unachemka mchana kiangazi na kubadilika kabisa mvua ikinyesha. Nyasi fupi hazibadiliki sana namna hiyo. Miti na nyumba nazo ziwe mbali, angalau mara mbili ya urefu wake.

Sasa turudi kwa mama. Nilimwambia tusibishane na redio, tupime. Tulitafuta vipimajoto vinne vya spiriti, vya kawaida. Kwanza tukavichovya vyote kwenye kikombe cha barafu iliyopondwa na maji kidogo, tukakoroga na kusubiri dakika kumi. Hapo kila kimoja kinatakiwa kisome sifuri. Kimoja kilisoma 1.5 juu ya sifuri, tukakibandika karatasi ya "toa 1.5". Usijaribu kuvihakiki kwa maji yanayochemka, maana huku milimani maji huchemka kabla ya nyuzi 100. Kwenye mita 1,700 huchemka kwenye 94 hivi, na utakilaumu kipimajoto kizima.

Kimoja tulikirudisha ukutani. Cha pili tulikitengenezea kisanduku cha sahani nyeupe za plastiki: sahani nane zimepinduliwa, zimepangwa moja juu ya nyingine kwa nafasi ya vidole viwili, na saba za chini zimekatwa tundu katikati ili kipimajoto kining'inie ndani bila kugusa ukingo. Ya juu kabisa haikukatwa. Tulikifunga kisanduku hicho kwenye nguzo, kichwa cha kipimajoto kikiwa mita moja na nusu juu ya nyasi fupi, mbali na nyumba. Cha tatu tulikilaza juu ya vijiti viwili vya panda kando ya nguzo hiyo hiyo, kikigusa ncha za nyasi. Cha nne tulikilaza vivyo hivyo chini kwenye kinyungu. Hivi viwili vya chini vinatolewa nje jua linapozama na kuokotwa asubuhi, kwa sababu havina kivuli.

Saa kumi na mbili asubuhi, baada ya usiku wa nyota nyingi bila upepo, mama aliandika hivi: ukutani 9, kisandukuni 4, kwenye nyasi kando ya nguzo 1, kwenye kinyungu 2 chini ya sifuri. Hewa, majani na bonde vilikuwa vimetenganishwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Ukuta ulikuwa umedanganya kwa nyuzi 5. Kutoka kisandukuni hadi kwenye nyasi zilipotea nyuzi 3, kwa sababu jani linatoa joto lake moja kwa moja kwenda anga tupu na kupoa kuliko hewa inayolizunguka. Kutoka pale juu hadi kinyunguni zilipotea 3 nyingine, kwa sababu hewa baridi ni nzito, inateremka mteremko kama maji na kutuama bondeni. Usiku wa mawingu uliofuata, vile vitatu visivyo vya ukutani vilisoma 8, 7 na 7. Wingu linafanya kazi ya blanketi.

Redio kwa hiyo haikukosea sana. Namba inayotangazwa ni ya kisandukuni, kwenye urefu wake, mahali pa kituo, na haikutolewa kama joto la jani la kiazi cha bondeni. Faida yake kwako ni kwamba haiyumbi, unaweza kuitumia kama kigingi cha kupimia shamba lako. Ukipima wiki mbili tatu za kipupwe kama mama alivyofanya, utajua shamba lako linashuka nyuzi ngapi chini ya kisanduku usiku wa anga safi. Yeye alipata karibu 6. Basi utabiri ukisema 6 au chini ya hapo, saa mbili usiku akitoka nje na kuona nyota hazitikisiki na moshi wa jikoni umesimama wima, anajua kinyungu kitafika sifuri. Ya kwako inaweza kuwa 4, au 8. Usichukue namba yake.

Utabiri huwa unatoka siku moja kabla, na hapo ndipo kuna la kufanya. Mwagilia udongo asubuhi ya siku ile ili upate jua la mchana. Udongo wenye unyevu unahifadhi joto zaidi ya ule mkavu na kulipeleka juu usiku. Usilowanishe majani jioni. Matandazo ya nyasi kati ya mistari yasogeze pembeni, ingawa nafahamu tumewafundisha kutandaza: nyasi kavu zinazuia joto la udongo lisipande, na mmea ulio juu yake unapata baridi zaidi. Miche michanga ifunikwe kwa kichanja cha juu, nyasi zikiwa zimeinuliwa zisiigandamize. Haya yanaokoa shamba linaloshuka nyuzi moja au mbili chini ya sifuri. Likishuka 4 au 5, hayatoshi.

Jambo la mwisho ni usomaji. Simama upande wa kivuli, usipumulie kichwa cha kipimajoto, soma kwanza sehemu ndogo za nyuzi kisha namba kamili, kwa sababu joto la mwili wako linaanza kukipandisha mara tu unaposogea. Ukijenga kisanduku cha mbao chenye mlango, kumbuka kwamba huku kwetu jua la mchana hukaa kaskazini kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, na msimu wote wa baridi umo humo. Mlango uelekee kusini. Kuanzia Novemba hadi Januari jua liko upande huo wa kusini, hivyo fungua, soma na ufunge haraka, mwili wako ukiwa kivuli.

Mama sasa hupanda kinyungu cha chini kabisa kabichi na kitunguu, ambavyo vinavumilia sakitu kuliko viazi. Viazi vimepanda mistari kumi na tano juu ya mteremko, pale ambapo daftari lake linaonyesha hapajafika sifuri tangu aanze kuandika.