Gari lililoibwa limepatikana: jinsi ya kuiandikia kampuni ya bima

Gari likipatikana kabla hujalipwa, madai yako hayafi. Mara nyingi hugeuka kutoka madai ya wizi kuwa madai ya uharibifu. Basi andika barua siku ile ile polisi wanapokujulisha, hata kama hujaliona gari kwa macho. Ukinyamaza kisha pesa zikaingia benki, utaonekana umeficha. Na kama umeshalipwa fidia yote, gari kwa kawaida ni la kampuni. Usilichukue, waeleze tu lilipo.

Tuchukue mfano wa Probox iliyoibwa Malindi, ikaonekana Mariakani haina betri, redio wala magurudumu mawili ya nyuma. Anza kwa kituo ulikoripoti wizi, kupatikana kwake kuandikwe kwenye OB, kwa sababu namba ya OB ya mwanzo inathibitisha wizi tu. Ukifika lilipo gari, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za logibuku. Namba ikiwa imekwaruzwa au bati lake limechomelewa upya, mwonyeshe afisa papo hapo. Piga picha pande zote nne, ndani, na mita ya kilomita.

Kosa linalowaponza wengi ni kununua magurudumu ili gari lirudi nyumbani. Asesa, mkaguzi wa uharibifu anayetumwa na kampuni, akija analikuta limesimama vizuri, na hasara yako haina tena ushahidi. Livutwe kama lilivyo, baada ya polisi kuliachilia na kampuni kukubali, na risiti ya kuvuta uiweke.

Barua yenyewe iwe fupi:

*Kwa Meneja wa Madai,*

*KUH: Kupatikana kwa gari namba ……, bima namba ……, madai namba ……*

*Gari nililoripoti kuibwa tarehe …… limepatikana Mariakani tarehe ……, OB namba ……. Liko kituo cha polisi. Halina betri, redio na magurudumu mawili ya nyuma, picha nimeambatisha. Sijalitengeneza wala kulihamisha.*

*Naomba mnijulishe kwa maandishi: madai yataendelea kama ya wizi au ya uharibifu? Asesa atakuja lini? Nani atalipia kulivuta na kulihifadhi? Nitakatwa kiasi gani cha hasara ninayobeba mwenyewe? Logibuku na funguo nilizowakabidhi nitarudishiwa lini?*

Swali la makato usiliache. Makato ya wizi na ya uharibifu huwa tofauti katika hati nyingi za bima, na hapo ndipo ugomvi huanzia.

Itume kwa barua pepe, kisha peleka nakala ofisini igongwe muhuri wa kupokelewa, nawe ubaki na yako. Kumpigia simu wakala aliyekuuzia bima hakutoshi, kwa kuwa hakuachi maandishi. Gari likiwa la mkopo, benki nayo ipate nakala, maana jina lake limo kwenye logibuku.

Wakikuletea hati ya kukubali malipo iliyoandaliwa kabla gari halijapatikana, usiitie saini. Omba mpya, itaje kwamba gari limepatikana na unacholipwa ni nini hasa.