Kupata lakabu kutoka kwenye herufi za jina lako

Unayetafuta lakabu ya kuandikia mashairi au hadithi, anza na herufi za jina lako mwenyewe. Chukua jina la kubuni, Salima Kondo. Andika kila herufi kwenye kikaratasi chake, kisha tenga irabu na konsonanti: A A I O O upande mmoja, S L M K N D upande wa pili. Irabu 5, konsonanti 6. Kwa kuwa maneno yetu huishia na irabu, konsonanti za ziada zitafute mahali kwenye miungano kama mk, nd au mb. Kwa hiyo M na N ni dhahabu, zishike kwanza. Weka M mbele ya Kondo upate Mkondo. Zinabaki S, A, L, I, A, nazo zinatoa Asali. Lakabu: Asali Mkondo. Inapendeza kweli!

Angalia upatanisho wa ngeli. Herufi hizohizo zinatoa pia "Kisa la Mondo", na kila herufi imetumika, lakini kisa ni "cha", si "la". Msomaji ataona kosa kabla hajaona ubunifu.

Majina yenye C pasipo H, au yenye Q na X, hayakubali kirahisi. Hapo ongeza jina la babu upate herufi zaidi. Ukimaliza, kata herufi mojamoja kwenye jina la asili, maana A iliyorudiwa hupotea upesi machoni.