SOMO: Kutafsiri cheti cha kuzaliwa cha Kongo wakati Kifaransa chako ni cha kusoma tu

Ukiwa na steshonari pale Mwanga, Kigoma, au mtaa ukijua tu kwamba "yule anaelewa Kifaransa", makaratasi yatakufuata: ya Kalemie, ya Uvira, ya Bujumbura. Somo hili ni la mtu wa namna yangu, anayesoma Kifaransa akaelewa lakini akitakiwa kukizungumza anabaki kutabasamu. Nitashika waraka mmoja, cheti cha kuzaliwa, kwa sababu unaonekana mwepesi na ndio unaowaingiza watu matatani.

Kwanza mwambie mteja, kabla ya kupokea hela, kwamba tafsiri yako ni ya kumsaidia mwalimu mkuu au ndugu kuelewa kilichoandikwa. Ya kupeleka mahakamani au Uhamiaji inahitaji mfasiri anayetambulika. BAKITA wanatoa huduma ya tafsiri na ya kuthibitisha tafsiri, kwa hiyo mwelekeze huko. Juu ya karatasi yako andika "Tafsiri isiyo rasmi".

Hatua ya 1: Soma mpaka mwisho, kamusi ikiwa imefungwa

Cheti cha Kongo mara nyingi huandikwa kama sentensi moja ndefu. Huu ni mfano niliouunda, majina nimeyaficha:

*L'an deux mille dix-huit, le vingt-deuxième jour du mois de mai, par devant Nous, officier de l'état civil, a comparu K., né à Uvira en mil neuf cent septante-huit, fils de feu M., lequel nous a déclaré ce qui suit : le douzième jour du mois d'avril de la même année est née à Kalemie une enfant nommée S.*

Msomaji mwenye haraka huona 22 Mei 2018 juu kabisa na kuiandika kuwa siku ya kuzaliwa. Siyo. Nyakati ziko tatu, na kila moja ina kitenzi chake. Chora mstari kutoka kila tarehe hadi kitenzi chake: 22 Mei inakwenda kwa *a comparu*, yaani siku baba alipofika mbele ya ofisa. 1978 inakwenda kwa *né*, kuzaliwa kwa baba. 12 Aprili 2018 inakwenda kwa *est née*, na huyo ndiye mtoto. Ile *e* ya mwisho kwenye *née* inakuambia ni wa kike. Kama kwingine kwenye karatasi imeandikwa *sexe masculin*, simama: ama umesoma vibaya, ama karani alikosea. Kosa la karani hulisahihishi. Unalitafsiri lilivyo na kuweka maelezo pembeni.

Hatua ya 2: Kamusi, hasa kwa maneno unayodhani unayajua

Neno usilolijua halina hatari kubwa, maana utalitafuta. Hatari iko kwenye neno ulilolizoea. Tazama *fils de feu M.* Wengi tulijifunza *feu* kuwa moto, na kamusi ndogo ya mfukoni huenda ikaishia hapo. Lakini hapa limekaa mbele ya jina la mtu, halina *le* wala *un* mbele yake, kwa hiyo si nomino. Fungua kamusi ya Kifaransa kwa Kifaransa (ile kubwa ya TLFi inasomwa bure kwenye cnrtl.fr) na utakuta *feu* mbili zenye maingizo tofauti. Ya pili ni kivumishi: marehemu. Babu yake S. alikuwa ameshafariki cheti kilipoandikwa mwaka 2018. Ukiliruka neno hilo umemfufua mtu, na kwenye mambo ya mirathi hilo si jambo dogo.

Utaratibu wangu: neno likionekana kukaa vibaya kwenye sentensi, naangalia kwanza ni aina gani ya neno, kisha nasoma ingizo zima na mifano yake, si maana ya kwanza tu.

Namba nazo zina lake. Kongo na Burundi zilirithi hesabu za Wabelgiji: *septante* ni 70, *nonante* ni 90. Kitabu cha shule kilichochapwa Paris kinafundisha *soixante-dix* na *quatre-vingt-dix*. Lakini 80 inabaki *quatre-vingts* kote huko. Mwaka ulioandikwa kwa maneno uandike kwa tarakimu pembeni, kisha uulinganishe na umri wa wahusika. Baba akitoka mdogo kuliko mwanawe, rudi kwenye namba.

Hatua ya 3: Ngazi za utawala ziache zilivyo

*Secteur* si kata, na *territoire* si wilaya yetu hasa. Andika neno la asili, kisha maelezo mafupi: "territoire (ngazi ya utawala chini ya mkoa)". Ukibadilisha kwa majina ya Tanzania, anayetafuta kumbukumbu upande wa pili wa ziwa hataona pa kuanzia.

Hatua ya 4: Kumuuliza anayekitumia Kifaransa

Mtafute mtu aliyesoma kwa Kifaransa na kukitumia ofisini, ambaye si ndugu wala mgomvi wa mwenye cheti. Usimwonyeshe tafsiri yako na kuuliza "hii ni sawa?" Kwa adabu atakubali. Mpe kipande kidogo, majina yakiwa yamefutwa, umwulize: "Mzee wangu, hapa nani alifanya nini, na lini?" Maelezo yake ndiyo uyalinganishe na karatasi yako.

Sikiliza pia Kiswahili anachokujibu. Mkongomani akisema "huyu ni bibi yake" mara nyingi anamaanisha mke, si mama wa mzazi. Muulize tena: "mke wa ndoa, au nyanya?"

Mkitofautiana, kila mmoja aonyeshe neno lililompeleka huko. Msipoelewana, acha neno la asili na uandike "maana haijathibitishwa".

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Zuhura, Kasulu: Mwalimu, huku sina mtu wa kumuuliza. Naweza kupiga picha cheti nikatuma kwenye kundi la wasapu?

*Hapana, mama. Baadhi ya wenye vyeti hivyo ni wakimbizi, na jina la baba pamoja na kijiji alikotoka vinaweza kumfikia mtu wanayemkimbia. Chapa upya sentensi inayokusumbua tu, badala ya majina weka herufi, badilisha na mahali. Swali la sarufi halihitaji jina la mtu.*

Kijana wa Ujiji: Cha Burundi nimekuta *colline*. Kamusi inasema kilima. Nimeandika "kilima cha fulani". Kuna ubaya?

*Upo, kaka. Kwenye anwani ya Burundi hiyo ni ngazi ya utawala, ya chini kabisa. Andika "colline" na jina lake, na maelezo kwenye mabano. Tena angalia* commune*: mjini Kongo ni sehemu ya jiji, Burundi ni ngazi chini ya mkoa. Neno moja, nchi mbili.*

Shangazi Neema: Mteja anataka nimwandikie jibu kwa Kifaransa kwenda Kalemie. Naelewa barua yake yote.

*Kuelewa ni jambo jingine, shangazi. Wewe andika kwa Kiswahili kizuri, ampe anayeandika Kifaransa. Na kwa Kalemie, muulize kwanza mteja kama huyo ndugu hasomi Kiswahili.*

Mdau wa Kibirizi: Muhuri umefunika tarehe, inasomeka nusu. Mteja ananiambia ni tarehe 12.

*Andika "[haisomeki: muhuri]". Maneno ya mteja hayamo kwenye karatasi. Ila tazama chini kwenye sahihi na pembeni: wakati mwingine tarehe imerudiwa kwa tarakimu.*