Kukagua piano iliyotumika kabla ya kuinunua: vigingi, mtambo wa nyundo na ubao wa sauti

Swali la kwanza ninalomuuliza mteja anayetaka nimkagulie piano ni piano hiyo imekaa wapi, tutaiangalia mwezi gani, na baada ya kununuliwa itapelekwa wapi. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa, na kasoro kubwa za piano hujificha au kujitokeza kwa kufuata mwendo huo. Katika miji iliyo kandokando ya Ziwa Viktoria, hasa mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba zinaponyesha, mbao zilizovimba hubana vigingi vilivyolegea na kuziba nyufa ndogo, hivyo piano mbovu huonekana nzima. Piano hiyohiyo ikipelekwa Gulu au Moroto, kaskazini mwa Uganda, na kukutana na ukavu wa Januari, kila kilichofichwa na mvua hutoka nje. Kwa sababu hiyo maelezo yafuatayo yanahusu zaidi piano ya wima inayokaguliwa wakati wa mvua, kwani huo ndio wakati mnunuzi hudanganyika kwa urahisi.

Beba tochi yenye mwanga mkali, programu ya simu ya kupima sauti, kabari ndogo ya mpira ya kunyamazishia nyuzi, uzi wa kushonea wenye urefu wa mita mbili na karatasi nyembamba. Spana ya kutyuni iachie mkono wa fundi, kwa maana asiyeizoea anaweza kukata uzi wenye kutu au kupinda kigingi ndani ya tundu lake.

Hatua ya kwanza: pima sauti kabla ya kugusa chochote

Piga noti A iliyo juu ya C ya kati na usome kipimo. Kiwango kinachotumika leo ni Hz 440. Mafundi huigawa nusu toni katika vipande 100 viitwavyo senti, na programu nyingi za simu huonyesha tofauti kwa senti hizo. Baada ya hapo pima A nyingine zote, kuanzia chini hadi juu, na uandike matokeo.

Ukikuta piano nzima imeshuka kwa kiasi kinachokaribiana, usiogope. Nyuzi zake, ambazo hupita 200 na kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya tani nyingi, hulegea taratibu piano isipotyuniwa kwa miaka, na dawa yake ni kazi ya fundi, pengine kwa mizunguko miwili au mitatu. Jambo linalotisha ni kushuka kusikolingana. Noti nyingi za katikati na za juu zina nyuzi tatu kila moja, zote zikitakiwa kutoa sauti moja. Nyuzi mbili zikiwa pamoja na ya tatu ikiwa imeachwa mbali chini, hali ya hewa haiwezi kuwa chanzo, kwa sababu nyuzi hizo tatu ziko juu ya ubao uleule na zimepita katika majira yaleyale. Hapo mtuhumiwa ni kigingi.

Hatua ya pili: chunguza vigingi

Kila uzi umezungushwa kwenye kigingi cha chuma, na kigingi hicho kimepigiliwa kwenye tundu la ubao mgumu ulio nyuma ya fremu ya chuma, ambao nitauita ubao wa vigingi. Kigingi hakina skurubu wala nati ya kukishikilia. Kinachokizuia kisirudi nyuma ni msuguano wa mbao peke yake. Tundu likipanuka au ubao ukipasuka, kutyuni hakudumu hata fundi awe hodari namna gani.

Nitaeleza kwa mfano wa piano moja niliyoitwa kuiangalia Entebbe mwezi wa Novemba, kwa niaba ya mnunuzi aliyekusudia kuipeleka Gulu. Mwenye nyumba, mzee mmoja mpole, alinipokea kwa chai na kuniambia, “Fundi, hii ilityuniwa mwezi uliopita, hata risiti ninayo.” Sikuwa na sababu ya kutomwamini. A ya kati ilisoma Hz 434, yaani ilikuwa chini kwa senti 24 hivi, karibu robo ya nusu toni, na A nyingine zilikuwa zimeshuka kwa kadiri hiyohiyo. Ni wazi kwamba aliyeityuni alifuata kiwango alichokikuta badala ya kuipandisha hadi 440, jambo ambalo mafundi hulifanya wakihofia kukata nyuzi kuukuu.

Nilipopanda kutoka A hiyo kwenda juu, nilikuta noti tatu zilizofuatana zikitoa sauti inayotetemeka kwa mawimbi ya haraka. Nikanyamazisha nyuzi kwa kabari na kuzipima mojamoja. Katika noti mojawapo, nyuzi mbili zilikuwa zimeshuka kwa senti 24 kama sehemu nyingine zote za piano, ilhali uzi wa tatu ulikuwa chini yake kwa senti 36 nyingine. Jumla nilipata nyuzi sita za namna hiyo.

Kwa ruhusa ya mzee nilichukua spana, nikalegeza kila uzi kidogo sana kwanza ili kutu iachie, kisha nikaupandisha ulingane na wenzake. Kigingi kizima hukataa: lazima uweke nguvu ya mkono, nacho husogea kwa vishindo vidogo unavyovihisi kwenye spana. Vigingi hivi sita viligeuka kwa ulaini, kama mwiko ndani ya uji. Nikafanya hivyohivyo kwa vigingi sita vya sehemu nyingine, vilivyokuwa vizima, ili niwe na cha kulinganisha, nikamwomba mzee asiruhusu mtu kuipiga piano, nikarudi baada ya siku mbili. Vile vizima havikuwa vimesogea kwa kiasi cha kusikika. Kati ya vile sita, vitano vilikuwa vimerudi chini, kimoja kwa senti 20.

Kasoro ya vigingi sita peke yake isingetosha kuikataa piano. Vigingi vilivyolegea hapa na pale vinaweza kung’olewa na kuwekwa vinene zaidi, au tundu likatiwa gundi nyepesi aina ya supagluu inayopenya na kukauka ndani ya mbao, na kazi ikadumu miaka. Lakini hivi vyote sita vilikuwa vimepangana katika mstari mmoja. Mpangilio huo una maana yake: ufa unaotembea ndani ya ubao wa vigingi kutoka tundu hadi tundu. Kigingi kinene hapo hufanya kazi ya kabari, kikaupanua ufa. Na hayo yote yalionekana Novemba, mbao zikiwa zimevimba na kubana kwa kadiri yake yote.

Hatua ya tatu: mtambo wa nyundo

Fungua mfuniko wa juu, achia vishikizo viwili vilivyo ndani, utoe ubao wa mbele ili uuone mtambo. Bonyeza vitufe vyote 88, au 85 katika piano nyingi za zamani, kimoja baada ya kingine, polepole na kisha kwa haraka. Kitufe kinachochelewa kurudi ni malalamiko ya kila siku katika hali ya hewa yetu, na kabla ya kukadiria gharama yakupasa kujua ni kipi hasa kinachokwama.

Isukume nyundo kwa kidole kuelekea kwenye uzi, kisha iachie. Ikianguka nyuma mara moja, nyundo haina kosa. Kilichokwama ni kitufe, ambacho vitambaa vyake vya pembeni vimevimba vikaikumbatia pini ya chuma inayokiongoza. Hiyo ni kazi ya dakika chache kwa kila kitufe. Nyundo ikirudi kwa uvivu, kasoro iko kwenye egemeo lake, ambamo pini nyembamba imebanwa na kitambaa kilichovimba au kuota kutu ya kijani. Nyundo tano za namna hiyo ni jambo dogo. Zikiwa sitini, fundi atalazimika kuutoa mtambo wote na kubadilisha pini mojamoja kwa siku kadhaa, na bei ya piano inapaswa kushuka kwa kadiri hiyo.

Angalia pia ncha za nyundo. Mifereji ya nyuzi kwenye felti ni ya kawaida, na fundi huweza kuisawazisha, mradi felti iliyobaki ni nene. Kwenye nyundo ndogo za juu kabisa, ambako felti ni haba tangu mwanzo, ukiona mbao inakaribia kuchungulia, seti nzima ya nyundo imefika mwisho. Sauti ikiendelea kulia baada ya kuachia kitufe, kizima sauti chake kimekauka au kimeliwa na nondo. Noti za juu kabisa, kiasi cha ishirini hivi, hazina vizima sauti tangu kiwandani, na nimewahi kumwona mnunuzi akipunguziwa bei kwa “kasoro” hiyo.

Mulika chini ya vitufe na karibu na pedali. Unga laini kama wa muhogo ni wa wadudu watobozi, na vijia vya udongo ni vya mchwa. Ukikuta mchwa walio hai, usiendelee na ukaguzi.

Hatua ya nne: ubao wa sauti

Vuta piano kutoka ukutani, mkiwa watu wawili au zaidi, uone ule ubao mpana ulio nyuma yake na mbavu zinazoukatiza. Ufa juu yake huwatisha watu kupita kiasi. Ubao uliopasuka huweza kuimba vizuri kabisa. Unaoharibu sauti ni ubao ulioachana na mbavu zake. Pitisha karatasi nyembamba kati ya ubao na kila ubavu: ikipenya, gundi imeachia hapo. Kisha mwambie mwenzako apige noti za besi kwa nguvu, moja moja, ukisikiliza mchakarisho. Ukiusikia, bana ubao kwa kiganja karibu na ubavu unaoushuku. Mchakarisho ukikoma, umepata mahali pake. Usipokoma, tafuta skurubu iliyolegea, au picha iliyosimamishwa juu ya piano.

Mwisho, nyoosha ule uzi wa kushonea kutoka ncha moja ya ubavu mrefu hadi nyingine. Ubao wenye mbinuko wake huelekea kwenye nyuzi za piano, kwa hiyo ukiuangalia kwa nyuma utaona mwanya wa milimita moja au mbili katikati, kati ya uzi wako na ubavu. Mwanya usipokuwepo, usiihukumu piano kwa hilo peke yake, bali piga noti za oktavi ya juu ya katikati usikilize kama zinadumu au zinazimika kama kugonga meza. Tena kumbuka kwamba Novemba mbinuko huwa mkubwa kuliko ilivyo Januari.

Ya Entebbe ilikuwa na mtambo mwepesi na ubao wa sauti wenye ufa mmoja usio na madhara. Nilimshauri mnunuzi asiipeleke Gulu kwa bei yoyote, kwa kuwa kubadilisha ubao wa vigingi kungemgharimu zaidi ya piano yenyewe. Mzee nilimwonyesha vile vigingi na kumwachia karatasi ya vipimo, ili atakayekuja baadaye kuinunua avione kabla ya kutoa fedha.