Wanafunzi 60, mipira mitatu

Kipindi cha michezo, ukigawa darasa timu mbili, mafundi wanane watacheza na wengine watashika viuno. Mimi huongeza mipira mitatu ya matambara, nachora viwanja vidogo sita vilivyopangana, watano kwa watano, bila kipa, goli hatua mbili kati ya mawe. Kila dakika nne napuliza filimbi: timu iliyoshinda inapanda kiwanja kimoja, iliyofungwa inashuka. Sare? Aliyefunga mwisho anapanda. Bila goli, narusha shilingi. Baada ya raundi kadhaa wanaolingana wamekutana wenyewe. Timu ikikwama juu ikifunga ovyo, nabadilisha mchezaji wake mmoja na wa timu nyingine. Mipira ya kweli naipeleka viwanja vya chini, kwa wanaojifunza kutuliza; mafundi wa chandimu matambara wameyazoea.